Waa Jekundu la Mtoto: Subira Ina Tarehe Yake

(Mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita)

 

Katika lugha yetu zimo methali mbili ambazo hazipatani. Moja yasema subira yavuta heri. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo nataka niwaeleze juu ya jambo moja la watoto wachanga ambamo methali zote mbili ni kweli, lakini kila moja ina watoto wake. Hatari yake ni kumpa mtoto methali isiyokuwa ya kwake.

Jambo lenyewe ni lile waa jekundu linalotokea juu ya ngozi ya mtoto siku chache baada ya kuzaliwa, likavimba na kuwa kama tunda la forosadi, au stroberi kwa wale wanaolijua tunda hilo. Madaktari huliita hemanjioma ya watoto wachanga. Huo ni uvimbe wa vijishipa vya damu. Seli za kuta za mishipa midogo huzaliana kwa kasi kuliko inavyotakiwa, na zikishajikusanya huwa kifurushi cha vijishipa kilichojaa damu. Si saratani, wala hauambukizi. Wala mama hakukosa neno lolote wakati wa ujauzito. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wazee wakidai kwamba mama alijikuna siku mwezi ulipopatwa. Wasameheni, lakini msiwafuate.

Katika tafiti za ng'ambo, waa hili huonekana kwa kiasi cha watoto 4 au 5 katika kila 100. Watoto wa kike hupata zaidi kuliko wa kiume, na waliozaliwa kabla ya siku zao, wakiwa na uzito mdogo, hupata zaidi kuliko waliotimiza miezi. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi rangi yake yaweza kutupotosha, maana si lazima ling'ae kama nyanya. Huweza kuonekana la zambarau, au jeusi lenye wekundu ndani. Lile lililojificha chini ya ngozi huonekana kama uvimbe laini wenye rangi ya samawati. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Liguse. Waa linalokua huwa limejaa, na mara nyingi lina joto kuliko ngozi ya jirani yake.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Waa hili lina kalenda. Mtoto anapozaliwa mara nyingi halipo, au kuna alama hafifu tu, doa lililopauka lenye vijinyuzi vyekundu. Katika wiki za kwanza huanza kunenepa. Kasi yake kubwa kabisa huwa kati ya wiki ya 5 na wiki ya 8 hivi. Mtoto akifikisha miezi 3, mawaa mengi yamekwisha kufikia kiasi cha asilimia 80 ya ukubwa wake wote. Ukuaji huwa umekwisha kwa wengi kufikia mwezi wa 5, ingawa yale ya ndani ya ngozi huweza kuendelea zaidi. Kisha waa hutulia. Baada ya mwaka mmoja huanza kupauka na kunywea polepole, na mtoto anapofika miaka 4 kazi hiyo kwa kawaida imekwisha.

Kwa sababu ya kalenda hiyo, mtu akikwambia kwamba waa litaondoka lenyewe, hakusema uongo. Kwa watoto wengi ndivyo ilivyo. Waa lililoko mgongoni au pajani, dogo kama kifungo cha shati, liacheni. Mwacheni mtoto akue. Lakini yeye hakukwambia habari nzima. Hakukwambia kwamba kabla ya kuondoka litakua kwanza, na kwamba katika kukua huko laweza kuharibu kitu ambacho halitakirudisha litakapoondoka.

Nina deni katika jambo hili, na leo nataka nililipe hadharani. Mwaka 2001 nilikuwa tabibu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alikuja mama mmoja na mtoto wa kike wa miezi 2, mwenye waa juu ya kope la juu la jicho la kushoto. Kope lilikuwa limelemaa, jicho likifumbuka nusu tu. Mimi nililitazama, nikatabasamu, nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, hili hunywea lenyewe. Subiri." Mama yule alikuwa mtiifu. Alisubiri.

Alirudi mtoto akiwa na umri wa miaka 4. Waa lilikuwa limenywea kama nilivyoahidi, na kope limepanda mahali pake. Mimi nilianza kujipongeza. Kisha mama akasema, "Lakini daktari, nikimfumba jicho la kulia anajigonga ukutani." Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Jicho lenyewe lilikuwa zima, halina mtoto wa jicho wala kidonda. Lilichokosa ni mafunzo.

Ndugu zangu, kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho hupeleka picha, na ubongo hujifunza kuisoma, kama mtoto wa shule anavyojifunza herufi. Masomo hayo huanza katika miezi ya kwanza kabisa ya maisha. Kope likiziba mboni, jicho hilo halipeleki picha, na ubongo hujizoeza kulitumia la pili tu. Tena si lazima mboni izibwe. Uvimbe ukiliminya jicho kwa juu, kile kioo cha mbele hupinda kidogo, picha huja na ukungu, na ubongo huipuuza vilevile. Binti yule tulimfunika jicho zima kwa saa chache kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Lilirudi kwa kiasi tu. Leo ni mtu mzima, na bado jicho la kushoto halisomi herufi ndogo za gazeti. Wakati ule dawa tulizokuwa nazo zilikuwa duni kuliko za leo, lakini zilikuwapo, na daktari wa macho alikuwapo. Kosa lilikuwa neno langu, "Subiri."

Basi ni mawaa gani yasiyopewa subira? La kwanza ni hilo la jicho, liwe juu ya kope, chini yake au pembeni. La pili ni lililoko kwenye pua, hasa nchani, na kwenye mdomo, kwa sababu hubadili sura ya mtoto, na ngozi iliyotanuka hairudi sawasawa. La tatu ni lililoenea mahali ndevu zinapoota, yaani kwenye kidevu, taya, mdomo wa chini na mbele ya shingo. Hilo huweza kuwa na mwenzake ndani ya koo, na mwenzake hukua kwa kalenda ileile. Mtoto wa namna hiyo akianza kulia kwa sauti iliyokwaruza, au akivuta pumzi kwa mlio, hilo ni jambo la kwenda hospitali saa ileile, usiku usingoje asubuhi.

La nne ni lililoko sehemu za nepi au katika mikunjo ya ngozi, maana hapo huchubuka na kuwa kidonda chenye maumivu makali, na mtoto hulia kila anapokojoa. Mwisho ni mtoto mwenye mawaa 5 au zaidi hata kama ni madogo. Huyo hupimwa ini kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayopima wajawazito, kwani mawaa mengi juu ya ngozi huweza kuwa na mengine ndani ya ini. Na waa kubwa lililotanda upande mmoja wa uso, kama ramani, lina habari yake ya peke yake ambayo nitaigusia baadaye kidogo.

Sasa nije kwenye dawa, maana ina kisa cha ajabu.

Wengi wenu mnaijua propranololi. Babu mwenye shinikizo la damu pengine ameimeza. Ni moja katika kundi la dawa zinazoitwa vizuizi vya beta. Mwilini mwetu kuna homoni ya adrenalini, inayoufanya moyo uende mbio tunaposhtuka. Vizuizi hivi huziba zile nafasi ambazo adrenalini hushika, moyo ukatulia. Aliyeigundua propranololi katika miaka ya 1960 ni Mwingereza wa Uskoti, James Black, akifikiria wagonjwa wa moyo. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobeli. Hakuna aliyekuwa akifikiria mawaa ya watoto.

Miaka ikapita. Katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, daktari wa ngozi Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa wakimtibu mtoto mwenye hemanjioma kwenye pua. Walitumia dawa za jamii ya steroidi, kama ilivyokuwa desturi. Misuli ya moyo wa mtoto ikanenepa kwa sababu ya matibabu hayo, basi wakampa propranololi kwa ajili ya moyo. Kesho yake waa lilikuwa limebadilika. Wekundu mkali umekuwa zambarau, na uvimbe umelainika. Walijaribu kwa watoto wengine, na mwezi Juni 2008 wakatangaza habari za watoto 11. Mwaka 2015 yakachapishwa majaribio makubwa yaliyohusisha watoto wapatao 460. Waliopewa propranololi kwa miezi 6, katika kila 10 watoto 6 waa lao lilitoweka au lilikaribia kutoweka. Waliopewa dawa ya maji matupu, walikuwa 4 tu katika kila 100.

Dawa hiyo hufanya kazi kwa hatua. Kwanza huvibana vile vijishipa, damu ikapungua, ndiyo maana rangi hubadilika ndani ya siku moja au mbili. Kisha hupunguza zile ishara zinazoziamrisha seli kuzaliana. Mwishowe seli zenyewe hupungua. Kwa sababu hiyo faida yake kubwa hupatikana waa likiwa bado linakua. Ukingoja hadi mwaka wa pili, ngozi imekwisha tanuka na sura imekwisha haribika, dawa haina tena kazi kubwa ya kufanya.

Nitawapeni mfano wa mtoto mmoja wa hivi karibuni, ili muone mambo yanavyokwenda. Ni mjukuu wa jirani yangu hapa Dar es Salaam. Alizaliwa akiwa ametimiza miezi, kilo 3.1. Siku ya 6 mama yake aliona doa lililopauka kwenye kope la juu la jicho la kulia. Wiki ya 3 lilikuwa kama punje ya mchele. Wiki ya 5 lilikuwa kama punje ya hindi, na kope limeanza kushuka. Nyumbani bibi yake alisema lipakwe mafuta ya nazi na kuachwa.

Kilichomwokoa mtoto yule ni kadi ya kliniki. Kama mjuavyo, chanjo ya pili ya watoto wetu ni ya wiki ya 6, na wiki ya 6 ndiyo iliyo katikati ya ile kasi niliyowatajia. Muuguzi aliyempima uzito alimtazama usoni, akauliza, "Hili liliaanza lini?" Mama akatoa simu, akamwonyesha picha tatu alizopiga, ya wiki ya kwanza, ya tatu na ya tano. Muuguzi hakuhitaji maelezo mengine. Jioni ile mama alibisha hodi kwangu na picha zake. "Shikamoo baba," akasema, "wameniambia nisingoje." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Wamekwambia kweli."

Kesho yake alionwa na daktari wa watoto na daktari wa macho. Kabla ya dawa walifanya mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyadai. Walimsikiliza moyo na mapafu. Walihesabu mapigo ya moyo na kupima shinikizo la damu. Waliuliza kama amewahi kubanwa kifua, kwa sababu dawa hii huibana njia ya hewa kwa mwenye pumu. Waliuliza kama katika ukoo kuna ugonjwa wa mapigo ya moyo. Walimpima uzito upya, akawa kilo 4 kamili.

Na hapa niligusie lile waa kubwa la upande mmoja wa uso. Mtoto mwenye waa hilo huweza kuwa na mishipa mikubwa ya kichwani au ya moyoni iliyoumbika vibaya, mingine ikiwa myembamba. Ukimshushia shinikizo la damu ghafla, ubongo waweza kukosa damu. Kwa hiyo huyo hupigwa picha za kichwa na za moyo kwanza, na dawa huja baadaye chini ya uangalizi. Mjukuu wa jirani yangu hakuwa na hali hiyo. Waa lake lilikuwa moja, dogo, ila limekaa pabaya.

Kipimo cha dawa hutokana na kilo za mtoto. Wiki ya kwanza alipewa miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 4 hiyo ni miligramu 4, iliyogawanywa mara mbili, yaani miligramu 2 asubuhi na 2 jioni. Wiki ya pili ikawa miligramu 4 kila mara. Wiki ya tatu ikawa 6 kila mara, jumla 12 kwa siku, yaani miligramu 3 kwa kila kilo. Kila walipompandishia kipimo walimweka hospitali kwa saa 2 wakimhesabu mapigo na kumpima shinikizo.

Sasa linganisheni hesabu hiyo na kidonge cha babu. Kidonge cha propranololi kinachouzwa sana ni cha miligramu 40. Hicho kimoja ni mara 10 ya dawa ya siku nzima ya mtoto yule katika wiki yake ya kwanza. Ukikivunja vipande vinne, kipande kimoja ni miligramu 10, mara 5 ya kipimo alichopewa asubuhi. Hakuna kisu cha jikoni kinachoweza kukata kidonge hicho kikamfaa mtoto wa kilo 4. Ndiyo maana mfamasia alimtengenezea dawa ya maji, akaandika kwenye chupa kwamba kila mililita 1 ina miligramu 2, na akampa mama bomba dogo lisilo na sindano la kupimia. Chupa za dawa hii hazina nguvu sawa. Ukibadilishiwa chupa, soma upya, na muulize mfamasia sasa ni mililita ngapi. Mililita zilezile kutoka chupa nyingine zaweza kuwa maradufu ya dawa.

Pamoja na chupa, mama alipewa amri moja, nami naomba muikariri kama mnavyokariri namba ya nyumba yenu: maziwa kwanza, dawa baadaye. Propranololi huuzuia mwili kutoa sukari yake ya akiba wakati wa njaa. Mtoto mchanga hana akiba kubwa. Akipewa dawa akiwa hajanyonya, sukari huweza kushuka hata akapoteza fahamu au akapata degedege. Na hapa kuna ujanja wa dawa hii wenye kutisha, kwa sababu huficha ile dalili ya moyo kwenda mbio ambayo ingetuonya. Inayobaki ni mtoto kutoa jasho, kupauka, kupoa mwili, kulegea na kukosa nguvu ya kunyonya. Ukiona hayo, mnyonyeshe mara moja kama anaweza kumeza, na umpeleke hospitali.

Kwa hiyo mtoto hupewa dawa akiwa ananyonya au mara tu baada ya kunyonya. Yule wetu alipewa saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, maana kati ya dawa na dawa ni lazima zipite saa 9 angalau. Katika umri ule hakuachwa akae zaidi ya saa 5 bila kunyonya, hata usiku. Akikataa kunyonya, dawa ya saa hiyo inarukwa. Akitapika, inarukwa. Akitema dawa baada ya kupewa, hapewi nyingine juu yake, husubiriwa saa inayofuata. Kuruka dawa mara moja hakumdhuru mtoto. Kumpa akiwa na njaa kunaweza kumdhuru.

Siku ya 3 waa lilikuwa limefifia, na ukiligusa limelegea kama embe lililoiva kupita kiasi. Mwisho wa wiki ya 2 kope lilikuwa limepanda hadi mboni yote ikaonekana. Daktari wa macho alikuta jicho limepinda kidogo, akaagiza jicho zima lifunikwe muda mfupi kila siku, na akaendelea kulipima kila baada ya wiki chache.

Haikuwa safari ya raha tupu. Mtoto alianza kushtuka usingizini na kulia, na mikono na miguu yake ilikuwa baridi. Hayo ni mambo yanayojulikana kwa dawa hii. Dawa ya jioni waliirudisha nyuma kidogo na ya asubuhi nayo wakaiwahisha, usingizi ukatulia. Alipokuwa na miezi 5 alipata mafua, kifua kikaanza kutoa mluzi. Bibi, ambaye sasa alikuwa askari wa dawa kuliko wote, alisema, "Msikose hata mara moja!" Mama akakumbuka alivyofundishwa, akaisimamisha, akaenda hospitali. Walimtibu kifua kwanza, siku nne baadaye wakairudisha dawa kwa utaratibu wa daktari. Mama alifanya sawa. Kifua kikitoa mluzi, propranololi hukaa kando.

Jambo jingine ambalo wazazi husahau ni kwamba mtoto hukua. Alipofika kilo 7, kile kipimo cha miligramu 12 hakikumtosha tena, na hesabu ya miligramu 3 kwa kila kilo ikawa 21 kwa siku. Ndiyo maana hupimwa uzito kila mara. Na dawa haiachwi waa likianza kupendeza. Hutolewa kwa miezi 6 kwa uchache, na mara nyingi hadi mtoto apite mwaka mmoja, kwa sababu ukiikatiza mapema waa laweza kufufuka likaanza kukua tena. Huyu wetu aliendelea hadi miezi 13, ikapunguzwa polepole hadi ikaisha.

Leo amebakiwa na nini? Kwenye kope kuna ngozi iliyolegea kidogo na vijinyuzi viwili vitatu ambavyo ni lazima usogee karibu ndipo uvione. Macho yote mawili yanafuata kuku uani. Sitaki kuwadanganya kwamba dawa hii hufuta kila kitu. Wapo watoto ambao waa lao husikia kidogo tu, na wapo wanaobakiwa na alama.

Wapo pia wasiohitaji dawa ya kunywa. Kwa waa dogo, bapa, lililo juu tu ya ngozi, daktari huweza kuagiza matone ya timololi, dawa ya macho ya jamii hiyohiyo, yapakwe juu yake. Lakini nayo si mafuta ya kujipakia. Hupenya ngozi na kuingia katika damu, hasa kama waa limechubuka, basi matone huhesabiwa na daktari.

Waa likitoa damu, chukua kitambaa safi, likandamize bila kuachia kwa dakika 10 hadi 15. Kwa kawaida damu hukoma. Isipokoma, nenda hospitali huku umelikandamiza. Msilichome, msilichanje kwa wembe, wala msilifunge kwa uzi. Vidonda nilivyoviona vikitokana na matibabu hayo vilikuwa vibaya kuliko waa lenyewe.

Basi ndugu wasikilizaji, ninawaombeni mambo mawili tu. Ukiona waa kwa mtoto mchanga, lipige picha leo, na ulipige tena kila wiki, pembeni yake ukiweka sarafu ileile ili ukubwa ujulikane. Na kama limekaa jichoni, puani, mdomoni, kidevuni au sehemu za nepi, au kama yako matano na zaidi, mwonyeshe daktari kabla mtoto hajatimiza mwezi mmoja. Ukichelewa, basi isizidi ile siku ya chanjo ya wiki ya 6. Usiondoke kliniki siku hiyo kabla mtu hajalitazama. Na ukikutana na tabibu anayetabasamu na kukwambia, "Subiri," muulize kwa heshima, "Nisubiri hadi wiki ya ngapi, na nikiona nini nirudi?"

Laiti yule mama wa mwaka 2001 angeniuliza hivyo, ningelazimika kufikiri.